Wakala ananisukuma nijibu ofa kwa WhatsApp, nami nataka kuzungumzia mshahara

*Dada, habari za kazi. Mimi ni mhasibu wa kiwandani huku Barabara ya Pugu, naishi Gongo la Mboto. Mshahara wangu ni 1,500,000 kabla ya makato. Alhamisi iliyopita nimepata ofa ya kampuni moja ya Masaki kupitia wakala wa ajira: 1,800,000 kabla ya makato, kuanza tarehe 1 mwezi ujao, na jibu wanalitaka ifikapo Ijumaa hii. Nimefurahi, ila nikipiga hesabu naona kama siendi popote. Hapa kiwandani tuna basi la wafanyakazi na chakula cha mchana. Kule nitatumia nauli 3,000 na chakula 4,000 kwa siku, na Bodi ya Mikopo bado inanikata. Wakala ni kaka mmoja mchangamfu, ananiandikia WhatsApp "dada unakubali, niwaambie?" na ananipigia ghafla nikiwa mezani, bosi yuko hatua tatu. Nataka kuzungumza naye kuhusu mshahara ila sijui nianzeje, nimwambie kiasi gani, na naogopa wasiniondolee ofa. Nifanyeje?*

*Mhasibu, Gongo la Mboto*

Mdogo wangu, hisia yako kwamba huendi popote ni sahihi, na wewe mhasibu ungeimaliza kwa kalamu dakika tano kama isingekuwa mshahara wako mwenyewe. Ngoja niipige mimi.

Leo, kwa 1,500,000, NSSF inachukua 150,000. Kinachobaki, 1,350,000, ndicho kinachotozwa PAYE: 128,000 kwa milioni ya kwanza, na asilimia 30 ya 350,000 inayozidi, yaani 105,000. Jumla 233,000. Bodi ya Mikopo nayo inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, ambayo kwako ni 225,000. Mkononi unabaki na 892,000.

Masaki, kwa 1,800,000, nakuchukulia kwamba yote ni mshahara wa msingi. NSSF 180,000, PAYE 314,000, Bodi 270,000. Mkononi 1,036,000. Ongezeko lako la laki tatu limekuwa 144,000. Sasa toa nauli na chakula: 7,000 kwa siku mara siku 22 ni 154,000. Utahama kazi, uamke saa kumi na moja uvuke jiji zima, halafu mwisho wa mwezi uwe na pungufu ya elfu kumi kuliko ulivyo sasa.

Kwa ngazi yako ya mshahara, kila laki inayoongezwa kwenye mshahara wa msingi, 10,000 inakwenda NSSF, 27,000 PAYE na 15,000 Bodi. Inakufikia 48,000. Hiyo 48,000 iandike kwenye karatasi utakayokuwa nayo siku ya simu, maana kaka yako mchangamfu akisema "nimekupigania, wameongeza laki", usiruke kwa furaha kabla hujaitazama.

Sasa tuje kwenye simu yenyewe, na kwanza huyo kaka ni nani. Wakala wa ajira analipwa na mwajiri, na mara nyingi malipo yake yanapimwa kwa mshahara wako wa mwaka. Kwa hiyo ukipandishwa yeye hapotezi kitu. Anachokiogopa ni wewe kuchelewa, au kukataa dakika ya mwisho, kwa sababu hapo anaanza upya na hajalipwa. Ndiyo maana anakusukuma. Jambo la pili ni kwamba yeye hana mamlaka ya kukuongezea hata shilingi. Atabeba maneno yako hadi kwa rasilimali watu wa kampuni, nao watakwenda kwa mkuu wa fedha, na mkuu wa fedha huenda yuko safarini. Nilikaa miaka kadhaa kwenye ofisi ya rasilimali watu ya kiwanda kimoja, na ongezeko la laki mbili kwenye ofa lilikuwa linahitaji sahihi mbili. Siku moja haikutosha hata mara moja.

Kwa hiyo simu ya Ijumaa ni simu iliyochelewa. Ukimwambia Ijumaa mchana kwamba unataka milioni mbili, umemwachia njia mbili tu, kukuombea siku za ziada au kuwaambia hujakubali. Mtafute Jumatatu asubuhi, simu iwe Jumanne, abaki na Jumatano na Alhamisi za kuhangaika na wenye sahihi zao. Kama unasoma hili Jumanne, simu iwe kesho, na kwenye ujumbe huohuo uombe jibu lako lisogezwe hadi Jumatatu. Siku moja au mbili za kazi hupewa bila kelele ukiomba mapema. Ukiomba saa kumi jioni siku yenyewe, inasomeka kama unawachezea.

Ujumbe wa kuomba simu utume kwa barua pepe, kwa kujibu ileile iliyoleta ofa, kisha WhatsApp umwandikie tu kwamba umemtumia. Uwe mfupi. Mimi ningeandika hivi:

"Kaka, habari za leo. Nashukuru kwa ofa, nimeisoma yote na nafasi naipenda. Kabla sijatoa jibu naomba tuzungumze kwa simu dakika 15 kuhusu mambo matatu: mshahara wa msingi, usafiri, na tarehe ya kuanza. Nina nafasi Jumanne saa 7:10 hadi 7:40 mchana, au jioni kuanzia saa 12:30. Ipi inakufaa? Nikiwa kazini siwezi kupokea simu, naomba uniandikie."

Tazama kilichomo na kisichomo. Nafasi unaipenda, kwa hiyo hana sababu ya kumpigia mtu wa pili kwenye orodha yake. Mambo unayotaka kuzungumza ameyajua, na hilo lina faida usiyoiona haraka: wakala mzuri akisoma "mshahara wa msingi na usafiri" anawapigia wenye kampuni kabla hajakupigia wewe, awaulize wana nafasi kiasi gani. Unaweza kukuta Jumanne anakuja na jibu mkononi. Lakini kiasi hukukitaja. Kiasi kilichoandikwa kinapigwa picha na kutumwa kwa mtu usiyemjua, bila sauti yako na bila hesabu yako, na kuanzia hapo hakipandi tena. Akikujibu "we niambie tu hapa unataka ngapi", mwandikie: "Nitakueleza vizuri tukiongea, kuna hesabu nataka uielewe." Akirudia mara ya pili, mwandikie hivyohivyo.

Na ule mtindo wake wa kupiga ghafla usiupokee. Siyo kwa jeuri. Simu ikiita ukiwa mezani iache, kisha mwandikie "niko kazini kaka, tumebaki saa 7:10." Ukipokea utajikuta unanong'ona "ndiyo, ndiyo, sawa" ili bosi asisikie, na kwa wakala "sawa" ni jibu. Nimeona mtu akikubali ofa hivyo. Alikuja kulalamika kwamba hakukubali, na kwa kweli alikuwa anajaribu tu kukata simu.

Sehemu ya kuongelea itafute leo. Bafuni kunarudisha sauti, kwenye foleni ya chakula kuna masikio, na kwenye daladala usithubutu. Mimi kazi yangu ya pili niliikubali nikiwa nimesimama kwenye daladala, konda anapiga bati, wakala ananiambia "utapata milioni moja". Nikasikia milioni, nikajaza mwenyewe kwamba ni mkononi. Mwisho wa mwezi wa kwanza nilifungua salari slipi nikakuta pungufu ya laki mbili hivi, na aliyeniahidi hakuwa amedanganya. Alisema milioni, mshahara ulikuwa milioni, sikuuliza kabla ya makato au baada. Kwa hiyo wewe kaa ndani ya gari la rafiki, au chini ya mti nje ya geti, spika za masikioni, karatasi na kalamu. Kama chakula cha mchana kiwandani ni nusu saa, chagua jioni. Basi la wafanyakazi liache siku hiyo moja.

Kwenye karatasi yako andika namba mbili. Ya kwanza ni unayoomba, ya pili ni ambayo chini yake hutaondoka Pugu. Kwa hali yako ningeomba mshahara wa msingi wa 2,000,000 na posho ya usafiri ya 150,000. Kwa nini nimegawanya? Posho ikilipwa kwa pesa taslimu inaingia kwenye PAYE kama mshahara, hapo hakuna ujanja, na NSSF tuseme inakatwa pia. Ila Bodi ya Mikopo inakata kwa mshahara wa msingi. Kwa hiyo laki ya posho inakufikia kama 63,000 badala ya 48,000. Hesabu yake: laki tano kwenye msingi zinakuletea 240,000, posho inakuletea 94,500, jumla 334,500. Toa 154,000 za nauli na chakula, umepanda kweli kwa 180,500 kila mwezi. Namba ya chini iwe 1,900,000 na posho hiyohiyo: hapo umepanda 132,500. Chini ya hapo sioni sababu ya kuamka saa kumi na moja, ila hilo ni lako, kuna watu wanahama kwa sababu ya bosi na si ya pesa.

Usije ukaomba waweke yote kwenye posho, maana nimewahi kuulizwa. Kiinua mgongo cha kisheria kinahesabiwa kwa mshahara wa msingi, na saa za ziada zinaanzia hapohapo. Deni la Bodi nalo halipungui kwa kukatwa kidogo, linasubiri tu. Sehemu ndogo kwenye posho inatosha.

Simu ikianza, salimianeni vizuri, halafu usitaje kiasi kwanza. Muulize: "Kaka, kwa nafasi hii wenyewe walipanga hadi ngapi?" Baadhi watakwambia. Wengi watasema "bajeti ni hiyohiyo dada", na hapo ndipo unatoa hesabu, polepole: "Nikihama napoteza basi na chakula vyenye thamani ya 154,000 kwa mwezi. Kwa ofa ya sasa, baada ya NSSF, PAYE na Bodi, ongezeko langu ni 144,000. Nitakuwa nimeshuka. Naomba mshahara wa msingi uwe milioni mbili na posho ya usafiri laki moja na hamsini." Kisha nyamaza. Nyamaza kabisa, hata akikaa kimya sekunde kumi. Wengi wetu tukiona kimya tunajipunguzia wenyewe: "lakini hata moja na tisa siyo mbaya..." Huyo mwenzako alikuwa anaandika tu.

Hesabu hiyo ya nauli ina kazi kuliko maneno ya "nina uzoefu wa miaka sita", kwa sababu ni kitu anachoweza kukibeba kizima hadi kwa mkuu wa fedha na akakirudia bila wewe kuwepo. Uzoefu wako walishausoma kwenye wasifu. Na mshahara wako wa sasa akikuuliza tena, utaje ulivyo. Kampuni nyingi zitaomba salari slipi ya miezi mitatu kabla ya mkataba, na ukiwa umeongeza laki mbili za uongo watakuwa na sababu halali ya kurudi nyuma.

Angalia na lugha. Sisi tunasema "moja na nane" tukimaanisha 1,800,000, "mbili na hamsini" mwingine akasikia 2,050,000 na mwingine 250,000. Kwenye simu hii taja kwa urefu, milioni moja na laki tisa, na kila anachokitaja yeye kirudie hivyohivyo na uulize: kabla ya makato? Kwa mwezi? Posho iko ndani au juu yake? Anaweza kukuona msumbufu. Mimi bei ya kutosumbua niliilipa mwaka mzima.

Atajibu mojawapo ya mambo matatu. Akisema "nawarudia", muulize lini, na umkumbushe kwamba jibu lako linatakiwa Ijumaa. Akisema "tutakuongeza baada ya miezi mitatu ya majaribio", usikatae, omba kiandikwe kwenye barua ya ofa: kiasi gani, kuanzia tarehe gani. Kikikosa kuandikwa, hakipo, kwa sababu aliyeahidi huenda asiwe ofisini siku hiyo ikifika, na wewe ukiwa kwenye majaribio hutakuwa na ubavu wa kudai. Akisema hakuna hata shilingi, uliza kitu kisichopita kwenye mshahara: je, kuna basi lolote la wafanyakazi linalopita Tazara au Buguruni, je kuna chakula ofisini? Chakula cha kantini ambacho kila mfanyakazi anapewa hakitozwi PAYE, kwa hiyo sahani ya 4,000 inakufikia yote 4,000. Kwako hiyo ni 88,000 kwa mwezi. Ili laki za mshahara wa msingi zikuletee 88,000 mkononi wangekuongezea zaidi ya 180,000, na juu yake mwajiri alipe sehemu yake ya NSSF na tozo nyingine. Mkuu wa fedha anayejua hesabu analiona hilo upesi.

Kuhusu hofu yako ya ofa kuondolewa. Kwa miaka niliyokaa upande ule, sikumbuki tuliyemwondoa kwa kuomba mara moja na kwa heshima. Niliowaona wakiondolewa walikuwa wa aina mbili. Wapo waliopotea siku tatu bila kupokea simu wala kuandika, na wapo walioongezewa, wakashukuru, halafu kesho yake wakarudi na ombi jipya. Kwa hiyo mambo yako matatu yaweke yote kwenye simu hiyohiyo. Usibakize la kesho.

Hilo la tatu, tarehe, usilisahau kwa sababu ya pesa. Kwa anayelipwa kwa mwezi sheria ya kazi inataka notisi isiyopungua siku 28, na mkataba wako wa kiwandani unaweza kutaka zaidi, usome usiku huu. Wao wanataka uanze tarehe 1. Ukihesabu kuanzia siku utakayopata mkataba, haifiki. Mwombe tarehe 15, au muulize kama kampuni iko tayari kulipia siku za notisi zitakazobaki. Ukinyamaza, utakuja kulipa siku hizo kutoka mfukoni mwako, na ongezeko lote tulilolipigania litaishia hapo.

Simu ikiisha, kabla hujarudi mezani, mwandikie barua pepe kwenye uzi uleule: "Asante kaka kwa mazungumzo ya leo. Nilivyoelewa: utawasilisha ombi la mshahara wa msingi wa 2,000,000 kabla ya makato, posho ya usafiri 150,000 juu yake, na kuanza tarehe 15. Utanipa jibu Alhamisi." Kama kuna alichokielewa vingine, atasema hapohapo.

Na wakirudi na ndiyo, subiri barua ya ofa mpya yenye kiasi kipya. Wakala atakwambia "wameshakubali, anza kuandika notisi kazini kwako". Mwambie utaiandika siku hiyohiyo barua ikifika na sahihi yao. Bosi wako aliye hatua tatu asijue kitu mpaka hapo.